Mjomba anastaafu: namna ya kumwandikia ujumbe kutokana na kumbukumbu za vipandevipande

Simu huja siku mbili kabla ya hafla. "Mjomba anaagwa Jumamosi, nimeambiwa niseme neno kwa niaba ya wapwa. Nianzeje?" Mwingine huwa ameshaandika, ananitumia nimwangalizie, na ndani nakuta "utumishi uliotukuka", "mfano wa kuigwa" na "hongera kwa kufikia hatua hii". Nikimuuliza mjomba wake alikuwa akifanya kazi gani, ananisimulia robo saa nzima mambo ambayo hakuyaandika hata moja.

Kwa hiyo naandika hapa njia ninayoitumia. Mfano ni wa mjomba wangu mwenyewe, kaka yake mama, aliyestaafu mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 60. Kwa miaka 36 alikuwa mpishi wa shule moja ya sekondari ya bweni mkoani Iringa. Ujumbe ulisomwa ukumbini mbele ya walimu, ndugu na majirani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu inafaa kwa kurekodi sauti, lakini orodha ya kwanza iandike kwa mkono.
- Watu watatu wa kuuliza: mmoja wa nyumbani kwake, mmoja aliyefanya naye kazi, na mmoja aliyehudumiwa na kazi yake. Kwangu walikuwa mke wa mjomba, mpishi mwenzake, na kijana aliyesoma shuleni pale.
- Tarehe ya kuanza kazi kutoka kwenye karatasi. Barua ya ajira au barua ya kustaafu inatosha. Mwombe mkewe au mtoto wake akusomee.
- Siku tano. Kwa siku mbili inawezekana, ila hutapata muda wa kurudi kuuliza mara ya pili, na mambo mazuri huja mara ya pili.

Hatua ya 1: Andika kila unachokumbuka, kikiwa kibichi

Kaa nusu saa uandike bila kupanga na bila kutafuta maneno mazuri. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

- shati lina harufu ya moshi hata likifuliwa
- mlango unafunguliwa usiku, saa tisa?
- mwiko mrefu kama kasia
- ukoko wa ugali kwenye gazeti
- kovu mkono wa kushoto
- siku kuni zilipolowa
- redio ya jikoni, Mwalimu amefariki
- korona, alikuwa anaenda shule haina watu
- "yule mrefu yuko wapi?"

Jambo la mwisho sikujua hata limetoka wapi. Nilikumbuka tu kwamba alikuwa akisema hivyo. Usilifute jambo la namna hii kwa sababu hulielewi. Weka alama ya kuuliza pembeni, uende nalo kwenye hatua inayofuata.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika sifa: mchapakazi, mpole, mcha Mungu. Sifa si kumbukumbu. Ukijikuta umeandika "mchapakazi", jiulize ulimwona akifanya nini mpaka ukasema hivyo, kisha andika hicho ulichokiona.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu siku, usiulize kuhusu tabia

Ukimuuliza mtu, "Mjomba ni mtu wa namna gani?" atakujibu, "Ni mtu mzuri sana, hana makuu." Utashukuru na kuondoka mikono mitupu. Uliza jambo lenye saa na mahali. Maswali yaliyonisaidia ni haya:

- Akitoka kazini, kitu cha kwanza alikuwa anafanya nini?
- Ni siku gani ulimwona amekasirika kazini?
- Kuna jambo alilokuwa akilifanya ambalo hakuagizwa na mtu?
- Asipokuwepo siku moja, nini kilikuwa kinaharibika?

Mke wa mjomba alicheka kwanza, kisha akasema, "Huyu hata hapa nyumbani anakula amesimama. Miaka yote hii. Namwambia kaa, anasema amezoea." Sikuwahi kuliona hilo, na nilikaa kwake mwaka mzima.

Mpishi mwenzake ndiye aliyefumbua lile fumbo la "yule mrefu". Mjomba alikuwa akisimama kwenye foleni ya chakula akigawa mwenyewe. Mwanafunzi asipoonekana milo miwili mfululizo, alimwita kiranja wa chakula na kumuuliza yuko wapi. Majina hakuyajua yote, kwa hiyo aliwataja kwa sura: yule mrefu wa bweni la pili, yule mwenye mwanya. Wengine walikutwa bwenini wana homa, hawajamwambia mtu. Uji aliupeleka mwenyewe.

Yule kijana aliyesoma pale alikuwa mmoja wao. Nilipomuuliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wiki ile sikumbuki nilifundishwa nini. Kile kikombe nakikumbuka."

Rekodi au andika maneno ya mtu kama alivyoyasema. Usiyanyooshe. Na umwombe ruhusa ya kuyasoma mbele za watu, hata kama hutamtaja jina.

Hatua ya 3: Zifunge kumbukumbu kwenye miaka

Hapa ndipo familia hugombana. Kwetu mmoja alisema mjomba alianza kazi 1987, mwingine 1990, na mama akashika kwamba ilikuwa "kabla hujazaliwa", jambo ambalo halisaidii sana. Barua ya ajira ikasema Aprili 1989, na mjadala ukaisha.

Kwa mambo yasiyo na karatasi, tumia matukio ambayo kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Uliza, "Ilikuwa kabla au baada ya Mwalimu Nyerere kufariki?" Hiyo ni tarehe 14 Oktoba 1999. Matukio mengine yanayoshika vizuri ni kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, mvua za El Ninyo za 1997 na 1998, na kufungwa kwa shule kwa ajili ya korona, Machi 2020. Mtu asiyekumbuka mwaka atakumbuka kama mvua zile zilikuwa zimeshapita.

Kwa njia hiyo niligundua nilikuwa nimechanganya siku mbili. Siku kuni zilipolowa na siku redio ilipotangaza msiba wa Mwalimu zilikuwa zimeungana kichwani mwangu. Mpishi mwenzake akaniambia kuni zililowa kwenye zile mvua kubwa, karibu miaka miwili kabla ya msiba. Kama ningesoma nilivyokumbuka mimi, ukumbini walikuwepo watu watano wa kunisahihisha.

Usipopata uhakika, usibuni mwaka. Sema "mwanzoni mwa miaka ya tisini" au liache jambo lenyewe.

Hatua ya 4: Chagua uzi mmoja, mengine yaache

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayotenganisha ujumbe unaosikilizwa na ule ambao watu wanaangalia simu ukisomwa. Soma orodha yako yote, utafute jambo linaloonyesha mjomba alivyoifanya kazi yake tofauti na vile ambavyo mtu mwingine angeifanya. Wapishi wote huamka usiku, na wapishi wengi wana kovu la moto. Lakini kumtafuta mtoto ambaye hakuja kula, hilo lilikuwa lake. Nikachagua hilo.

Baada ya hapo kila kumbukumbu inaulizwa kama inauvuta uzi huo. Kuamka usiku kulibaki, kwa sababu ndiko kazi inakoanzia. Kula akiwa amesimama kulibaki, maana ni mtu anayewaangalia wengine wakila. Kovu, mwiko, kuni na redio vikatoka. Niliumia kuiacha redio, lakini ilikuwa hadithi nyingine.

Ukitaka kujua kama sentensi inastahili kubaki, isome ukijifanya unamuaga dereva au karani. Kama bado inafaa bila kubadilisha neno, itoe.

Ukoko ulinipa shida ya aina nyingine, na ninausimulia kwa sababu wengi huanguka hapo. Mjomba alikuwa akituletea ukoko wa ugali umefungwa kwenye gazeti, na kwangu hiyo ndiyo kumbukumbu tamu kuliko zote. Lakini ni chakula kilichotoka jiko la shule ya serikali, na mkuu wa shule alikuwa ameketi meza ya mbele. Mke wa mjomba alinieleza kwamba waliosugua masufuria waliruhusiwa kuchukua ukoko, hakikuwa kitu cha wizi. Hata hivyo anayesikia ukumbini hapewi maelezo hayo. Ukoko nikauweka kwenye kadi aliyoisoma peke yake nyumbani. Kila kumbukumbu yako ipitishe kwenye swali hilo: mtu asiyemjua akisikia hivi, atamfikiriaje?

Hatua ya 5: Piga hesabu moja tu, na iwe ya kweli

Miaka mingi inataka namba, na namba inavutia uongo. Binamu yangu alitaka tuseme mjomba "amelisha maelfu kwa maelfu". Tukakaa na mpishi mwenzake, tukahesabu. Mwaka 1989 shule ilikuwa na mikondo miwili ya wanafunzi 40, yaani 80 kila kidato. Mjomba aliwakuta vidato vitatu vya juu, jumla 240. Tangu 1989 hadi 2004 waliingia mara 16, kila mara 80: hao ni 1,280. Mwaka 2005 mkondo wa tatu ukaongezwa, na hadi 2025 wameingia mara 21, kila mara 120: hao ni 2,520. Jumla 4,040.

Kuna walioacha shule na waliohamia, kwa hiyo tukaandika "kama elfu nne". Namba hiyo mwalimu wa taaluma akiisikia haipingi. Sahani za chakula hatukuzihesabu. Namba mbili kwenye ujumbe mfupi zinaanza kufanana na ripoti.

Hatua ya 6: Andika, ukimsemesha yeye

Mwambie "ulikuwa ukiamka", usiseme "alikuwa akiamka". Ukimzungumzia kama hayupo wakati amekaa mbele yako, sauti inageuka ya msibani. Na hapo kuna maneno ya kuepuka kabisa.

"Mwendo umeumaliza" watu hulipenda, lakini kwetu sentensi hiyo huandikwa kwenye misalaba na kusomwa makaburini. "Sasa pumzika" na "tutakukumbuka daima" ni hivyohivyo. Nimewahi kuona mke wa mstaafu akiinamisha uso sentensi hizo ziliposomwa, na sikufikiri ni kwa furaha.

Usiseme "umestaafishwa". Mtumishi anastaafu. Kustaafishwa kunasikika kama kaondolewa, na kwenye utumishi kuna "kustaafishwa kwa manufaa ya umma", ambako si jambo la kupongezwa.

Usitaje mafao wala kiinua mgongo, hata kwa utani. Matapeli huwapigia simu wastaafu wapya, na ndugu wenye shida hawakosekani ukumbini.

Tena, usiipandishe kazi yake cheo. Kuna aliyependekeza tuandike "mtaalamu wa lishe". Mjomba ni mpishi, na ukumbi wote ulijua hivyo.

Mpangilio uwe rahisi: salamu, picha moja ya kazi, muda na ile namba, jambo lake la pekee, alichokuachieni ninyi, kisha neno la kesho. Maneno kama 200 yanatosha, na ukisoma polepole hayazidi sana dakika mbili. Huu ndio ujumbe wetu ulivyotoka:

> Mjomba, shikamoo. Nasimama kwa niaba ya wapwa zako.
>
> Mwaka niliokaa kwako nikiwa darasa la tatu, nilikuwa nasikia mlango ukifunguliwa saa tisa na nusu usiku. Nikadhani watu wazima wote huenda kazini usiku. Saa kumi moto ulikuwa umeshawaka, na kabla jua halijatoka uji wa watoto wa watu ulikuwa tayari. Umefanya hivyo tangu Aprili 1989. Tumepiga hesabu: wanafunzi kama elfu nne wamepita kwenye foleni yako.
>
> Hukuwa unagawa chakula tu. Mtoto asipoonekana milo miwili, ulimwita kiranja ukamuuliza, "Yule mrefu wa bweni la pili yuko wapi?" Wengine walikutwa wana homa, wamejifunika blanketi, hawajamwambia mtu. Uji wao uliupeleka mwenyewe. Mmoja ametuambia kwamba masomo ya wiki ile hayakumbuki, ila kile kikombe anakikumbuka.
>
> Machi 2020 shule zilipofungwa, uliendelea kwenda. Ulisema unaangalia panya wasiingie stoo. Nyumbani walikuona ukirudi kimya.
>
> Kwetu sote leo, mtu asipokuja mezani, anafuatwa. Tumelitoa kwako.
>
> Kesho saa tisa na nusu najua utaamka, mwili umezoea. Lakini uji wa kesho ni zamu yetu. Njoo ule, Mjomba, na safari hii ule umekaa.
>
> Asante sana. Mungu akupe afya na siku nyingi.

Angalia kwamba neno "mchapakazi" halimo, wala "upendo". Kovu halimo. Ile sentensi ya korona nilitaka kuiongezea kwamba aliwakosa wanafunzi wake, mama akanizuia. Alisema, "Acha hapo. Watu wazima wataelewa."

Hatua ya 7: Isome kwa sauti, kisha umsomee mtu mmoja

Isome umesimama, mlango umefungwa. Mahali ulimi unapojikwaa, sentensi ni ndefu, ikate. Halafu msomee mtu mmoja wa nyumbani kwake, ikiwezekana mkewe, kwa lengo moja: kuna jambo humu asilotaka lisemwe? Usiombe maoni ya jumla, utapewa sentensi kumi za kuongeza. Na usiutume kwenye kundi la familia kabla ya siku yenyewe. Wetu karibu uvuje, na mjomba angekuja ukumbini akiwa ameshausoma.

Uchapishe kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi. Mwanga wa kumbi nyingi ni hafifu, na simu huingiza ujumbe mwingine katikati ya kusoma.

Ukikwama

*Humfahamu vizuri, hukuwahi kukaa naye.* Sema hivyo bila aibu. "Mama alinisimulia kwamba..." ni mwanzo mzuri, na watu wanapenda kusikia dada akimzungumzia kaka yake. Usijifanye shahidi wa jambo ambalo hukuliona.

*Kila unayemuuliza anasema "mtu mzuri tu".* Mpelekee kitu badala ya swali. Nilimwonyesha mpishi mwenzake picha ya zamani ya jiko, akaanza kutaja nani alisimama wapi, na mengine yakafuata yenyewe. Kofia ya kazi, funguo au daftari la stoo vinafanya kazi hiyohiyo.

*Aliondoka na kinyongo.* Labda hakupandishwa daraja, au malimbikizo yake yalichelewa. Usilitaje, na pia usiusifu uongozi kwa niaba yake, kwa sababu yeye atasikia uongo. Kaa kwenye kazi ya mikono yake na watu aliowahudumia. Hapo hakuna ugomvi.

*Familia ina dini mbili.* "Mungu akupe afya na siku nyingi" huitikiwa na wote. Aya ndefu za upande mmoja ziweke kwenye kadi.

*Mjomba hapendi kusimamishwa mbele za watu.* Mwandikie barua ileile kwa mkono, umpe usiku wa kuamkia siku ya kuagwa, na ukumbini useme salamu tu.

*Umebaki na maneno 400.* Usipunguze neno hapa na neno pale. Toa kumbukumbu moja nzima. Mara nyingi ya kutoka ni ile unayoipenda kwa sababu wewe mwenyewe umo ndani.

*Unaogopa utalia.* Mpe mtu nakala ya pili akae jirani nawe, mkubaliane ataendelea kuanzia aya gani. Mimi nilifika kwenye kikombe sauti ikakatika, binamu yangu akasimama akaendelea kuanzia "Machi 2020". Mjomba hakusema kitu. Alipoletewa sahani yake alitazama huku na huku, akavuta kiti.